Mchuzi Uliokuwa Ukibaki Kikaangoni

Nina mkahawa mdogo kando ya barabara hapa Ramisi, kwenye njia ya Msambweni kwenda Lunga Lunga. Wanaokula kwangu ni madereva wa malori na matatu, vijana wa mashamba ya miwa, walimu, na wavuvi wanaopanda kutoka Bodo na Shirazi wakishauza samaki wao. Ninashuhudia jambo moja lililogeuza upishi wangu. Nilijifunza kuuacha ukoko wa nyama ujitengeneze chini ya kikaango, kisha kuugandua kwa maji kidogo na kuufanya mchuzi. Kugandua kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Lakini ili dakika tano hizo zizae kitu, ilinibidi nibadilishe karibu yote niliyokuwa nikiyafanya kabla yake, na huko ndiko mabadiliko makubwa yalikotokea.

Upishi niliolelewa nao ni wa nyumba nyingi za pwani. Kuku hukatwa, akaloweshwa kwa ndimu, thomu, tangawizi, manjano na bizari, akakaa mpaka viungo vimwingie. Kisha hukaangwa. Mchuzi wake hupikwa kando kwenye sufuria nyingine, kwa vitunguu, tungule nyingi na tui. Kikaango hutiwa maji, kikaachwa pembeni kilainike, halafu kikasuguliwa kwa waya na yale maji ya kahawia yakamwagwa nyuma ya nyumba. Chakula hicho ni kizuri na bado nakipika. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba chini ya kikaango kungeweza kupatikana ladha ya nyama zaidi kuliko katika sufuria nzima ya tungule.

Aliyenionyesha ni ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Alipika katika hoteli za Diani kwa sehemu kubwa ya maisha yake, pamoja na wapishi waliotoka Chuo cha Utalii cha Nairobi, na alipoacha kazi alirudi kukaa nyumbani. Siku moja aliingia jikoni kwangu kutaka chai, akamkuta msichana anayenisaidia akikipeleka kikaango kwenye beseni. Nilikuwa nimekaanga vipande vya nyama laini bila viungo, kwa ajili ya mteja mgonjwa asiyetaka pilipili.

"Hebu ngoja, mwanangu. Nipe hicho," akasema.

Akakirudisha jikoni, akamwaga mafuta yaliyozidi, akaweka kitunguu kidogo kilichokatwakatwa, kisha akatia maji ya kunywa kiasi cha nusu kikombe. Kikaango kikalia kwa nguvu, mvuke ukapanda. Alipokuwa anakwangua chini kwa mwiko akaniuliza, "Bibi yako akipika pilau, vitunguu vikishapata rangi, hufanya nini?"

"Huvinyunyizia maji, ami."

"Kwa nini?"

"Ili rangi itoke."

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Onja."

Nikaonja. Hakukuwa na tungule, hakukuwa na bizari wala unga wa mchuzi wa pakiti, na bado ulikuwa mchuzi wa nyama uliokamilika, mzito na wenye kina. Ilikuwa ni maji, kitunguu, chumvi, na kile kilichokuwa kimegandia chini.

Swali lake la pilau ndilo lililonifungua. Kila mpishi wa pwani anajua kwamba pilau haipati rangi yake kwa manjano. Vitunguu hukaangwa mpaka viwe vya kahawia iliyokolea, na kabla havijaungua hutiwa maji kidogo. Papo hapo ile rangi iliyokuwa imeshika kwenye vitunguu na kwenye sufuria huyeyuka, na ndiyo itakayopaka mchele na kuupa harufu. Bibi yangu alifanya hivyo katika kila harusi aliyopika. Jikoni kwetu hatukuwahi kuihamisha kazi hiyo kutoka kwenye sufuria ya pilau kwenda kwenye kikaango cha nyama, na nadhani sababu ni kwamba kikaango chetu cha nyama kwa kawaida hakikuwa na ukoko wa kahawia. Kilikuwa na viungo vilivyoungua. Kwa hiyo ami alipoondoka nilianza na swali la jinsi ukoko mzuri unavyopatikana, kabla ya swali la jinsi unavyoganduliwa.

Kinachoigeuza nyama kuwa ya kahawia ni vitu vilivyomo ndani yake yenyewe. Ikikutana na joto kali, sehemu ndogo za protini hushikana na sukari kidogo iliyomo kwenye nyama, na kutokana na kushikana huko huzaliwa rangi na harufu nyingi ambazo hazikuwepo mwanzo. Mkemia Mfaransa aitwaye Louis-Camille Maillard aliliandika tendo hilo mwaka 1912, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Linakwenda kwa kasi pale uso wa nyama unapopita nyuzi 140 hivi za selisiasi. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Basi maadamu uso wa nyama umelowa, moto wote unatumika kuyafukuza maji, na nyama inabaki kuchemka ingawa iko kwenye mafuta. Hapo nikaelewa kwa nini kuku wangu aliyetoka moja kwa moja kwenye bakuli la ndimu alikuwa akitoa maji mengi, akawa mweupe mweupe, halafu ghafla akashika chini.

Na ndimu ina jambo lake jingine mbali na maji. Ukali wake unalipunguza kasi tendo lile la rangi. Nyama iliyokaa kwenye ndimu hukawia kuwa ya kahawia hata ukiifuta. Thomu nao huungua upesi, na bizari na manjano kwa kuwa ni unga huungua upesi zaidi, mapema kuliko nyama kupata rangi. Kwa hiyo kilichokuwa kimegandia chini ya kikaango changu cha zamani kilikuwa vumbi la viungo lililogeuka jeusi na chungu, na mtu akilitia maji hilo hupata mchuzi mchungu. Waliokuwa wakikimwagia maji na kukisugua walifanya sawa kabisa kwa kikaango cha namna hiyo.

Hivyo viungo vyangu vikahama. Siku hizi nyama inayokwenda kikaangoni naipaka chumvi tu. Ama naitia chumvi sasa hivi na kuiweka motoni papo hapo, ama naitia saa nzima kabla na kuifuta. Katikati ya nyakati hizo mbili ni pabaya, kwa sababu chumvi huvuta maji yakatoka juu ya nyama, na hayajapata muda wa kurudi ndani. Naifuta kwa kitambaa safi mpaka mkono ukigusa usione unyevu. Thomu, tangawizi, bizari na ndimu vinasubiri. Vitaingia baada ya nyama kutoka, kwenye mchuzi, na huko vinanukia zaidi kwa kuwa havikuungua. Mama yangu hakuipenda habari hii. Kuku asiyeloweshwa viungo kwake ni kuku wa mgonjwa. Nilimwekea sahani mbili za aina zote mbili ale, na akasema huyu wa pili viungo vyake viko nje, havimo ndani. Ni kweli, viko nje. Mchuzi ndio unaovibeba, na ndiyo sababu mchuzi wenyewe lazima uwe na nguvu.

Kikaango chenyewe nacho kina neno. Vile vyeusi visivyogandisha, vinavyouzwa kila duka la Ukunda, vizuri kwa mayai na kwa chapati, lakini kazi yake ni kuzuia kitu kisishike, na ukoko ni kitu kilichoshika. Ukikaangia humo nyama itapata rangi kiasi, ila chini hapabaki kitu cha kugandua. Sufuria zetu nyembamba za alumini hushika, lakini joto lake haliko sawa: juu ya kaa moja panaungua na pembeni pamebaki peupe. Juu ya hayo, vitu vikali kama ukwaju vikikaa humo muda mrefu huchukua ladha ya madini. Kikaango kizito cha chuma ni kizuri sana kwa rangi, nacho hakitaki ukali ukae, dakika mbili tatu zinatosha, mchuzi uhamishwe bakulini. Pia kwa kuwa ni cheusi, macho hayawezi kukwambia kama ukoko ni wa kahawia au umeungua. Mimi natumia cha chuma kisichoshika kutu, chenye kitako kinene, kwa sababu naona kila kitu kinachotendeka chini yake.

Kabla sijatia kimiminiko natazama na kunusa. Ukoko mzuri una rangi ya kahawia, kuanzia ile ya dhahabu mpaka iliyoiva sana, na harufu yake ni ya njugu zilizokaangwa. Ukiona alama nyeusi hapa na pale, kwangua moja kwa ncha ya kijiko, uiweke ulimini. Kama ni chungu, hakuna dawa. Sukari haiutoi uchungu huo, wala tui, wala ndimu, kwa sababu maji yatausambaza kwenye mchuzi wote. Osha kikaango, ule nyama yako na kachumbari. Nimewaona wanaojaribu kuuokoa kwa kuzidisha tungule, wakaishia kuharibu na tungule.

Sasa nieleze chakula ninachokipika mara nyingi jioni, mwanzo mpaka mwisho. Nachukua mapaja manne ya kuku wa kisasa, yenye mfupa na ngozi, uzito wake gramu 700 hivi. Yanatosha kukaa kwenye kikaango cha sentimita 28 bila kugusana, na hilo la kutogusana ni la lazima. Vipande vikibanana, mvuke wa kimoja hukilowesha kingine na tunarudi kwenye kuchemsha. Kabla ya yote naloweka ukwaju, donge dogo la kijiko kimoja, katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Naukamua na kuuchuja. Nakuna nazi na kukamua kasimele, vijiko vitatu tu vikubwa, kisha tui jepesi naliweka la wali.

Kikaango kinapata moto wa kadiri, natia kijiko kimoja cha mafuta, naweka mapaja ngozi ikiwa chini. Halafu siyagusi kwa dakika kumi au kumi na mbili. Hili lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, maana mkono wa mpishi unapenda kugeuza. Kipande kisichopata rangi hung'ang'ania chini, na ukikivuta kinaacha ngozi. Kikishapata rangi hujiachia chenyewe, na huko kujiachia ndiko kunakokwambia kwamba wakati umefika. Nageuza, napunguza moto, naacha tena dakika kumi na mbili mpaka kumi na tano. Moto wa makaa hauna kitasa cha kuzungusha. Naupunguza kwa kutoa makaa mawili matatu kwa koleo, na ukizidi kwa ghafla nakiinua kikaango chenyewe. Kuku ameiva pale ukimchoma karibu na mfupa maji yake yanatoka meupe, yasiyo na wekundu. Kama bado, mwongezee muda sasa, kwa sababu mchuzi wa haraka hautamwivisha.

Mapaja nayatoa na kuyaweka kwenye sahani, ngozi juu. Ngozi ya kuku imetoa mafuta mengi na yote siyahitaji, kwa hiyo namwaga na kubakisha kijiko kimoja kikubwa. Ni mafuta tu yanayomwagwa, ukoko unabaki chini. Mafuta yakibaki mengi, mchuzi utaelea juu ya mafuta na hautashikana. Natia kitunguu maji kidogo kilichokatwa ndogo ndogo. Kitunguu kina maji yake na yanaanza kazi mapema, utaona pale kilipopita chini panaanza kusafika. Dakika mbili. Kisha punje mbili za thomu na tangawizi iliyopondwa, na bizari kidogo sana kwa ncha ya kijiko, vyote kwa nusu dakika, mpaka harufu ipande.

Hapo nakiondoa kikaango motoni kabla ya kutia ukwaju. Ni kwa usalama. Maji yakianguka kwenye mafuta ya moto hugeuka mvuke kwa mkupuo na kuyarusha mafuta usoni mwa mtu, na juu ya makaa yanayowaka mafuta hayo yanaweza kushika moto. Namimina kwa pembeni, nusu kikombe chote, kama mililita 120, kisha nakirudisha. Mvuke unaopanda chini ya ukoko ndio unaouinua, na maji ndiyo yanayouyeyusha. Mwiko kazi yake ni kusaidia tu. Natumia mwiko wa mbao wenye ncha bapa, naanzia pembeni kwa kuwa huko ndiko kunakokauka kwanza, nakwangua kuelekea katikati. Katika dakika moja maji ya ukwaju yaliyokuwa na rangi hafifu yanakuwa ya kahawia iliyoiva, na chini ya kikaango kunang'aa.

Watu wengi wakifika hapa hudhani wamemaliza. Wana maji yenye rangi, bado hawana mchuzi. Lazima yachemke kwa nguvu yapungue mpaka nusu, dakika mbili mpaka tatu. Alama yake ni mwiko: uburute katikati ya kikaango, na kama njia uliyoichora inabaki wazi kwa muda wa pumzi moja kabla ya kujifunga, basi. Yale maji ya kuku yaliyokusanyika kwenye sahani nayarudisha pia, yana ladha ile ile. Moto sasa uwe mdogo kabisa. Natia kasimele, nakoroga, mchuzi ukianza kutikisika natoa. Kasimele ikichemshwa kwa nguvu pamoja na ukali wa ukwaju hukatika, ikawa vidonge juu ya mafuta. Ikikatika kidogo, kijiko kimoja cha maji na kukoroga haraka mara nyingi huirudisha.

Chumvi ni ya mwisho kabisa. Kila kilichokuwa kwenye nusu kikombe sasa kimo kwenye robo, na chumvi ya kuku nayo imo, kwa hiyo aliyetia chumvi mwanzoni atakuwa na mchuzi usiolika. Naonja, natia pilipili manga, kotmiri, na matone ya ndimu nikiona panahitajika. Kinachopatikana ni vijiko viwili vikubwa hivi kwa kila paja. Naumimina sahanini kwanza, kuku juu yake, ili ngozi niliyoitaabikia isilainike.

Ami aliniambia kwamba katika majiko aliyopikia, kimiminiko cha kugandulia kilikuwa mara nyingi mvinyo. Wateja wangu hawali kitu hicho wala mimi sikiingizi jikoni, na wapo wanaodhani kwamba moto huiondoa pombe yote. Hauiondoi yote kwa dakika chache za mchuzi wa haraka. Lakini nilipofikiri mvinyo unafanya nini pale, niliona ni maji yenye ukali na utamu kidogo. Ukwaju una vyote hivyo. Maji matupu yanagandua vizuri pia, na kwa nyama ya ng'ombe mara nyingi ndiyo ninayoyapenda, kisha ndimu mwishoni. Kwa kamba natumia maji ya madafu: nakaanga vichwa na maganda yake mpaka chini pashike rangi, navikandamiza kwa mwiko vitoe vilivyomo, namwagia madafu, nachemsha, nachuja. Utamu wa dafu unaafikiana na utamu wa kamba. Maji ya miwa, ambayo kwetu hayakosekani, hayafai. Yana sukari nyingi mno, na ukiyapunguza mpaka nusu unapata shira ya nyama. Tui jepesi nalo silitumii kugandulia kwa sababu lenyewe hushika chini.

Samaki wa kukaanga wa pwani sijamwona akitoa mchuzi wa namna hii ukaliwa kwa raha. Anapakwa viungo vingi, mafuta yake ni mengi, na kinachobaki chini ni ngozi iliyochanika na harufu nzito. Kuku wa kienyeji naye anahitaji kuchemshwa kwanza muda mrefu. Ukimkaanga mbichi kwa dakika ishirini na tano utakuwa na mchuzi mzuri na nyama isiyotafunika. Ninapokuwa naye namchemsha mpaka alainike, namkausha, namkaanga apate rangi, na kikaango nakigandua kwa supu yake mwenyewe.

Kizuizi kikubwa zaidi ni mchana. Saa saba watu wameketi wote kwa pamoja, na kikaango kimoja kinatoa sahani nne. Kwa hiyo mchana sufuria kubwa ya karanga ya nyama bado inatawala, na nilidhani kule somo la ami halifiki. Linafika. Zamani nilitia nyama yote kwa mkupuo mmoja, ikatoa maji, ikachemka ndani yake. Sasa naikaanga kwa mafungu madogo, kavu, bila viungo. Kila fungu likitoka natia upawa mmoja wa maji kwenye kikaango, nagandua, namimina kwenye sufuria kubwa pamoja na nyama, nafuta kikaango kikauke, ndipo naanza fungu jingine. Sisubiri mpaka la mwisho, kwa sababu ukoko wa fungu la kwanza ukipitia moto wa mafungu yote utaungua na kuwachafua wenzake. Vitunguu, tungule na viungo vinaingia baadaye, na moto mdogo unaifanya kazi iliyobaki.

Mama ndiye anayeisimamia sufuria hiyo. Tungule amezipunguza mwenyewe bila mimi kumwambia, na unga wa pakiti haununui tena. Kuku bado anamlowesha kwa ndimu na thomu anapompikia nyumbani kwake, na naenda kumla huko kila Ijumaa.